Watu wanalisikia jina la chaneli yangu, wakiliandika hawaipati (Arua na Kampala)

FundiArua
Salaam wanajamvi. Mimi ni fundi wa pikipiki hapa Arua. Tangu mwezi wa pili nina chaneli YouTube, ninawaonyesha madereva wa boda namna ya kuitunza Boxer bila kukimbilia gereji kila wiki: kusafisha kabureta, kukaza klachi, kuitambua plagi iliyochoka. Ninasema Kiswahili kwa sababu steji yetu ina Mlugbara, Mkakwa, Mnubi na Wakongomani wanaovuka kutoka Ariwara, na Kiswahili ndicho tunachosikilizana nacho wote.

Jina la chaneli ni Karakana ya Dereva wa Bodaboda. Nimeshachapisha stika 60 za kubandika kwenye matangi ya mafuta. Hapa Arua watu wanaipata. Tatizo ni Kampala. Binamu yangu anaendesha boda Nakulabye, amewaambia wenzake wa steji, nao wanarudi wakisema hakuna kitu. Nikamwomba mmoja anitumie picha ya simu yake nione alichoandika. Alikuwa ameandika hivi: kalakana ya ddereeva.

Je, nibadilishe jina au nivumilie mpaka wazoee? Na nikibadilisha, ninachaguaje lisilonirudisha hapa tena?

KijanaWaWandegeya
Fundi, badilisha. Jina lako halina maneno yanayotafutwa. Mtu mwenye shida anaandika "boxer haiwaki", haandiki karakana. Weka maneno hayo ndani ya jina: Fundi Pikipiki Boxer Kabureta Uganda. Hapo utatokea kwenye kila utafutaji.

Na kuhusu jina la akaunti lenye @, usihangaike. Herufi kubwa na ndogo ni kitu kimoja, nukta nazo hazihesabiwi.

Mzee_wa_Jinja
Mwanangu, kabla ya lolote nenda URSB, ofisi ya usajili wa biashara, ulitafute jina kwenye rejista yao, likiwa huru ulisajili. Ukiwa na cheti hakuna atakayekunyang'anya. Vijana mnaanza biashara bila karatasi, kisha mnalia.

FundiArua
Shikamoo mzee, asante. Cheti nitakifuata. Ila shida yangu ya leo ni kwamba mtu ana simu mkononi, ananitaka mimi, na hanipati.

Dada_wa_Podikasti
Habari za jioni. Nimefanya kazi redioni miaka mingi hapa Kampala kabla ya kuhamia podikasti, na jambo hili limeniumiza kichwa kuliko maikrofoni. Fundi, usifikiri wale vijana wa Nakulabye hawajui kuandika. Wameandika sawasawa kabisa, kwa Kiganda.

Kiganda kina kanuni ya l na r ambayo kila mtoto aliyesoma shule ya msingi Buganda anaijua. Sauti hiyo ikifuata e au i, inaandikwa r. Ikifuata a, o au u, au ikiwa mwanzo wa neno, inaandikwa l. Lichukue neno "omuliro", yaani moto: baada ya u ipo l, baada ya i ipo r. Sasa lipitishe jina lako kwenye kanuni hiyo. Karakana ina r baada ya a, kwa hiyo sikio la Kiganda litaandika kalakana. Dereva ina r baada ya e, kwa hiyo r itabaki. Itazame ile picha uliyotumiwa: kalakana imeharibika, lakini katika ddereeva ile r ipo mahali pake. Kilichobadilika hapo ni d mbili na e mbili, kwa sababu Kiganda tayari kina neno ddereeva na ndivyo kinavyoliandika.

Ubishi huu mnauona hata kwenye vibao vya mji. Andika Rubaga, kisha andika Lubaga, uone ni wangapi wanatumia hili na wangapi lile, na mahali ni pamoja.

Kwa hiyo la kuvumilia mpaka wazoee lisahau. Jina la boda linasafiri kwa mdomo, steji hadi steji, na kila anayelisikia analirudisha kwenye simu kwa tahajia ya lugha yake. Anayesikia leo hakumuona aliyekosea jana.

Mwana_Mbarara
Na huku kwetu ni kinyume. Runyankole haina l, sisi kila kitu ni r. Dada wa dukani kwetu anaandika "raki" akimaanisha laki, na anaona yuko sahihi. Ukiweka l kumfurahisha Muganda, Mnyankole utampoteza.

Dada_wa_Podikasti
Umenisaidia, kaka. Ndiyo sababu ushauri wangu si kuchagua kati ya l na r. Tafuta jina lisilo na yoyote kati ya hizo mbili.

Kijana wa Wandegeya, nusu ya uliyosema ni kweli, na nusu hiyo ni muhimu. Mwenye Boxer iliyogoma hatafuti jina la mtu, anatafuta tatizo lake. Lakini huyo utampata kwa kichwa cha video: "Boxer haiwaki asubuhi, angalia kabureta". Huyu wa Nakulabye ni mtu mwingine kabisa. Ameshasikia kwamba yupo fundi fulani, anamtafuta kwa jina. Ukimpa jina ambalo ni rundo la maneno ya kawaida, ataandika matatu kati ya hayo, naye ataletewa kila fundi wa Afrika Mashariki isipokuwa wewe. Upande wa podikasti ni pabaya zaidi: Apple wanaweza kulikataa onyesho ambalo kichwa chake kimejazwa maneno ya kutafutia.

Na kuhusu nukta, hiyo ni Facebook peke yake. Instagram na TikTok, @duka.letu na @dukaletu ni watu wawili.

Mama_Gomesi_Mbale
Dada, hilo la nukta limenigharimu. Ninashona na kuuza gomesi hapa Mbale. Ukurasa wangu wa Instagram ulikuwa na neno gomesi na jina la mji, bila nukta. Akatokea mtu akafungua wenye maneno yaleyale, katikati ameweka nukta, na picha amechukua zangu. Mteja wa Soroti alitaka gomesi ya mwanawe ya kwanjula, akatuma malipo ya awali kwa mobile money kwenye namba ya ukurasa ule. Akanipigia wiki mbili baadaye akiuliza mzigo uko wapi. Sikuwa na la kumwambia. Nilimshonea kwa bei ya kitambaa tu, maana kwanjula ilikuwa Jumamosi.

Na hata bila mwizi, jina langu lilikuwa gumu. Huyu anaandika gomesi, yule gomasi, mwingine busuuti, na wazee wanasema bodingi. Nguo moja, majina manne. Mimi nilishika moja nikadhani yote yamekuja.

Dada_wa_Podikasti
Pole sana, mama. Hapo pana jambo ambalo Fundi alitazame. Jina la bidhaa peke yake, hata likiandikika vizuri, si lako. Kila anayeuza gomesi ana haki nalo, kwa hiyo anayekutafuta anawakuta wote, na anayekuiga hana kazi kubwa. Inatakiwa liwepo neno moja ambalo wengine kwenye biashara hiyo hawana. Yale majina mengine matatu ya nguo yaweke kwenye maelezo ya ukurasa na kwenye maandishi ya kila picha. Huko ndiko kwao.

Rafiki yangu alianzisha podikasti ya chakula cha mtaani, jina lake likaanza na Rolex. Sisi tunajua ni chapati na mayai. Ukiiandika kwenye simu unaletewa saa za mkononi.

FundiArua
Nimeelewa sehemu moja, nina mashaka na nyingine. Mimi nilidhani nitaingia YouTube Studio nione watu wanaandika nini. Nimeingia. Kwenye orodha ya maneno ya utafutaji, "karakana" ipo juu, imeandikwa sawa. "Kalakana" ipo mara mbili tu. Hiyo haionyeshi kwamba tatizo ni dogo?

Dada_wa_Podikasti
Hapana, ndugu yangu, na hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Orodha hiyo inawahesabu waliokupata. Mtu akiandika kalakana, akaona video za watu wengine, akaifunga simu, kwako hakuacha alama yoyote. Kadiri jina linavyowapoteza watu, ndivyo orodha yako inavyoonekana safi.

Waliokukosa utawajua kwa kuwauliza kabla hawajaona maandishi. Fanya hivi. Rekodi ujumbe wa sauti, ulitamke jina mara moja tu, kwa kasi ya kawaida, kama unavyomwambia mtu barabarani. Watumie watu kumi au kumi na wawili, wa lugha tofauti, na wasiwe wa kundi moja la WhatsApp, maana wa kwanza akijibu wengine watamnakili. Waombe wakuandikie kama wangeliandika kwenye sehemu ya kutafutia. Usiwasahihishe. Kisha chukua kila tahajia uliyopewa, uiandike YouTube na TikTok kwenye simu isiyo yako. Simu yako inajua unapenda kutazama nini, itakuletea chaneli yako hata ukikosea nusu ya herufi, nawe utalala ukidhani mambo ni mazuri.

FundiArua
Nimefanya. Watu 12: wanne wa Arua, watano wa Kampala, watatu wa Kasese. Nilijaribu la zamani pamoja na mapya matatu.

Karakana ya Dereva wa Bodaboda: watano wameliandika sawa, wote wanne wa Arua wakiwemo. Wa Kampala hakuna hata mmoja. Wengine wametenganisha "boda boda", na mmoja ameacha kila kitu akaandika "kalakana boda".

Fundi Spana: wanane sawa. Wawili wameandika supana, mmoja sipana, mmoja spaana.

Fundi Mkono: hili nililipenda sana, kwa maana ya fundi anayefanya kwa mikono yake. Saba wameandika Mukono.

Boda Safi: kumi na mmoja sawa.

Basi nitachukua Boda Safi?

KijanaWaWandegeya
Boda Safi chukua leo leo, fundi. Fupi, tamu.

Mwana_Mbarara
Fundi Mkono liache. Ukiliandika vile wale saba walivyoandika unaletewa viwanja vinavyouzwa Mukono na habari za wilaya.

Dada_wa_Podikasti
Fundi, kwanza hongera kwa kazi hii, wachache sana huifanya. Lakini Boda Safi limeshinda mtihani wa kuandika, na bado limebaki la kutafuta. Umeliandika kwenye simu ya mtu mwingine ukaona nini?

FundiArua
Nimeenda kwa jirani sasa hivi. Juu kabisa ni SafeBoda. Na chini yake ni SafeBoda tena.

Dada_wa_Podikasti
Ndivyo nilivyohofia. Ni kama maneno mawili yaleyale yamegeuzwa tu, na kwa mdomo wa Kampala "seif" na "safi" hazina umbali mkubwa. Kila utakapomwambia mtu, yeye atasikia kampuni anayoijua tangu zamani. Na hapa ndipo ushauri wa Mzee wa Jinja unapoingia, ingawa tulimpita haraka: jina linalokaribia alama ya kampuni nyingine linaweza kukuletea barua ya wakili. Mzee, cheti cha URSB hakimpi @ ya YouTube, kila mtandao una daftari lake. Lakini kutafuta kwenye rejista kabla ya kuchapisha stika ni jambo la maana.

Matokeo yako yanaonyesha pia kitu kuhusu "mk" na "sp". Kiswahili kinaruhusu m isimame peke yake mbele ya konsonanti, Kiganda kinaitaka irabu: mkono ni mukono, mtu ni muntu. Spana nayo inavunjwa vilevile, ila kila mtu anachagua irabu yake, ndiyo maana umepata supana na sipana. Mimi nikitafuta jina la kutumika Uganda yote nataka kila konsonanti ifuatwe na irabu, isipokuwa nd, mb na wenzao, ambao lugha nyingi za hapa wanao. Naziepuka l na r. Naiepuka "ch", kwa sababu Kiganda mara nyingi kinaiandika "ky" na chakula kitarudi "kyakula". Naziepuka dh na gh, watu wengi watazisikia kama z na g. Na ng' ya ng'ombe siitumii hata kidogo, kwa kuwa alama ile ya juu haikubaliwi kwenye @.

Mama_Gomesi_Mbale
Ukiondoa hayo yote inabaki nini?

Dada_wa_Podikasti
Yanabaki mengi, mama. Fundi lenyewe limepita. Boda limepita. Tafuta neno la pili la silabi mbili.

FundiArua
Usiku sikulala vizuri. Nilikuwa na Fundi Simba, nikakumbuka kuna Redio Simba Kampala. Nilikuwa na Fundi Tembo, mke wangu akasema watu watadhani ninakunywa, maana tembo ni pombe pia.

Asubuhi nikaja na Fundi Punda. Boda ndiye punda wetu, anabeba mkaa, mihogo, mama mjamzito na jeneza. Na wahenga walisema asante ya punda ni mateke, nasi kila asubuhi Boxer tunaipiga teke ndipo iwake. Nimewatumia watu 12 wengine, si wale wa kwanza. Kumi wameandika Fundi Punda. Wawili wameandika Fundi wa Punda. Kwenye simu ya jirani hakuna chaneli ya jina hilo niliyoiona, ila ukiandika "fundi wa punda" inaleta video za mikokoteni.

KijanaWaWandegeya
Punda ni tusi, fundi. Nani atavaa fulana imeandikwa punda?

Mwana_Mbarara
Mimi nitaivaa.

Dada_wa_Podikasti
Kuhusu tusi nitawaachia wenye steji waamue, wao ndio wateja. Kwa upande wa kuandika, sijaona kasoro. Wale waliotia "wa" wamefuata sarufi yao, si kosa la sikio, na dawa yake ni nyepesi: ifungue pia @fundiwapunda, iache bila video, uandike tu kwamba chaneli iko @fundipunda.

Sasa herufi. Ulikuwa umechukua @ ya namna gani zamani?

FundiArua
YouTube ni @karakanayaderevawabodaboda. TikTok ilikataa, ikabidi niandike @karakana_dereva_ug.

Dada_wa_Podikasti
Zihesabu. Hizo ni herufi 26. YouTube inakubali mpaka 30, TikTok inaishia 24, na X inaishia 15. Jina refu linakulazimisha kuwa watu wawili, na ile mistari ya chini hakuna anayeitamka. Fundipunda ni herufi 10, inaingia kote ikiwa sawasawa. Kabla hujabadilisha popote, hakikisha ipo huru kote, uzichukue zote siku moja.

Kubadilisha hakukufutii video wala waliojiunga. YouTube inakuruhusu kubadilisha @ mara mbili ndani ya siku 14, na ile ya zamani inakushikia kwa siku 14 hizo, ukijuta unairudia. TikTok ni mara moja kwa siku 30, kwa hiyo huko usifanye majaribio.

FundiArua
Na stika 60 zilizo kwenye matangi? Zina anwani ya zamani yenye @.

Dada_wa_Podikasti
Baada ya zile siku 14 usizitegemee, na mtu mwingine akiichukua ile @, stika zako zitampeleka kwake. Ukichapisha nyingine weka jina kubwa la kusomeka, na chini yake msimbo wa QR uliotengenezwa kwa anwani ya aina hii:

```
youtube.com/channel/UC...
```

Hiyo ni namba ya chaneli yenyewe, ipo kwenye mipangilio ya juu ya akaunti yako. Haibadiliki hata ukibadilisha jina mara kumi.

Na zile tahajia mbovu za zamani usizitupe. Ziandike kwenye tagi za video zako: kalakana, kalakana ya ddereeva, boda boda. YouTube wenyewe wanasema tagi zina kazi ndogo, isipokuwa pale watu wanapokosea kuandika jambo fulani mara kwa mara. Kwako ni hapo hasa.

KijanaWaWandegeya
Nakubali kuhusu rundo la maneno. Lakini weka 256 mwishoni, fundi: @fundipunda256. Watu wajue ni Uganda.

Mama_Gomesi_Mbale
Mimi ninayo 256 na inanisaidia, wateja wa Nairobi wanajua nipo wapi.

Dada_wa_Podikasti
Mimi naipinga. Ukiitamka redioni, mmoja anaandika tarakimu, mwingine anaandika kwa maneno, na Fundi ana wasikilizaji Ariwara ambao si 256. Ila mama anauza nguo, na mteja wake anahitaji kujua mzigo unatoka wapi. Huenda kwa duka ina maana kuliko kwa chaneli. Sina ushahidi wa kumshinda.

Mzee_wa_Jinja
Punda ni mnyama wa heshima. Baba yangu alikuwa nao wawili.

FundiArua
Nimechukua @fundipunda YouTube, TikTok na Facebook. Instagram ipo kwa mtu, akaunti haina picha wala chapisho. Nimemwandikia, hajajibu. Mke wangu bado hajakubali neno punda, na binamu yangu anasema steji ya Nakulabye wamegawanyika. Kesho namtuma aende steji ya Kasubi, ambako hawajasikia lolote, alitamke mara moja tu kisha atazame wanaandika nini.

Mama_Gomesi_Mbale
Fundi, akienda Kasubi mwambie awaulize na langu: Gomesi za Nandudu. Nataka kujua kama wataiweka d moja au mbili.